Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sekretariati ndogo ya kuchapa, kuprinti na kutoa fotokopi Lubumbashi

Majibu haya yanamhusu mtu anayetaka kufungua kibanda cha kuchapa kazi kwa kompyuta, kuziprinti na kutoa fotokopi, kile ambacho hapa mjini huitwa sekretariati. Bei zimewekwa kwa dola na kwa faranga, kwa kukadiria dola 1 kuwa faranga 2,500 ili hesabu iwe rahisi kufuata. Bei hizo ni za kupigia hesabu tu, kwa hiyo uziondoe na kuweka zile utakazopewa na maduka matatu tofauti kabla hujatoa fedha yoyote.

Nianze na vifaa gani, na niandae fedha kiasi gani?

Unahitaji kompyuta moja, printa moja ya leza ya rangi nyeusi yenye skana juu yake, na printa moja ya wino wa chupa kwa ajili ya rangi na kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo. Kompyuta ya mkononi iliyotumika lakini nzima niihesabu dola 200, leza dola 250, printa ya wino dola 230, kifaa cha kusawazisha umeme dola 30, betri ya ampea-saa 100 pamoja na inveta yake dola 220, mashine ya kutoboa na kufunga spirali dola 70, na ya kupiga plastiki dola 40. Jumla ni dola 1,040, na hapo bado hujanunua katoni ya karatasi, katriji ya akiba, wala hujalipa dhamana ya nyumba.

Ikiwa fedha haitoshi, usipunguze betri. Punguza mashine ya plastiki na ya spirali, kwa sababu kazi hizo unaweza kwa miezi ya kwanza kumpelekea jirani na kugawana naye malipo. Afadhali pia kompyuta ya mkononi kuliko ya mezani, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya ukurasa wa arobaini kazi ya mteja haipotei.

Kwa nini ninunue printa mbili badala ya moja nzuri?

Kwa sababu ya umeme. Printa ya leza huyeyusha unga wa tona juu ya karatasi kwa roli ya moto, na roli hiyo inapopashwa hudai wati 800 hadi zaidi ya 1,000 kwa mara moja, kisha hupumzika na kudai tena. Jenereta ndogo zile za kubeba kwa mkono mmoja haziwezi kuhimili dai hilo: utasikia injini ikizama, taa zitafifia, na printa itajizima kisha kuanza upya ikiwa na karatasi tumboni. Inveta ndogo nayo hulia na kukata. Ukitaka kuendesha leza wakati wa delestaji, unahitaji jenereta ya takriban kilovati 2 au zaidi, na mafuta yake yataingia katika bei ya kila ukurasa.

Printa ya wino wa chupa haina roli ya moto, na inapofanya kazi hutumia wati 10 hadi 20 tu. Tuifanyie hesabu betri ya ampea-saa 100 na volti 12. Ndani yake mna wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Kompyuta ya mkononi ikila wati 50, printa 15 na taa 10, ukaongeza kinachopotea ndani ya inveta, unafika karibu wati 90, yaani saa sita na zaidi kidogo za kazi. Hizo ndizo saa ambazo majirani wenye leza pekee huwa wamekaa mlangoni wakingoja umeme wa SNEL.

Hata hivyo wino huo una upungufu ambao mteja anastahili kuambiwa. Katika mashine nyingi za aina hii wino hutiririka ukipata maji, ilhali tona ya leza haitiririki. Mtu anayepeleka dosia ofisini mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha kila alasiri, mtolee kwa leza. Kujua mashine yako iko upande gani, dondosha tone moja la maji juu ya maandishi yaliyokauka, ngoja dakika moja, kisha pitisha kidole.

Je, mashine kubwa ya fotokopi iliyotumika kutoka ng'ambo inafaa kwa kuanza?

Inafaa kwa mtu mwenye kazi nyingi tayari, kwa mfano aliye mlangoni mwa shule kubwa au karibu na kampasi ya Kasapa. Chupa yake ya tona hutoa kurasa 10,000 au zaidi, na kwa hiyo kila ukurasa huwa nafuu. Lakini ni nzito, hudai umeme mwingi kuliko leza ndogo, na inapoharibika fundi wake na vipuri vyake si rahisi kupatikana. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aifungue na akuonyeshe namba ya jumla ya kurasa ilizokwisha kutoa, ambayo huhifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Kisha toa nakala hamsini mfululizo ukiwa umesimama pale pale, kwa maana mashine iliyochoka hutoa tano za kwanza vizuri na huanza kukwama roli zikishapata moto.

Nitajuaje kwamba rimu ninayouziwa ni ya gramu 80 kweli?

Ipime kwenye mizani. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko mengine, kwa kuwa jibu lake halihitaji kumwamini mtu yeyote.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, na karatasi 16 za kipimo hicho hufanya mita moja ya mraba. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba kwa hiyo ina uzito wa gramu 5 kamili, na rimu ya karatasi 500, ambayo wengi wetu huiita rami, lazima iwe na kilo 2.5. Katoni ya rimu tano ni kilo 12.5, ukiongeza uzito mdogo wa boksi. Karatasi ya gramu 70 itakupa rimu ya karibu kilo 2.2. Ukikuta kilo 2.2 kwenye rimu iliyoandikwa gramu 80, basi ama karatasi ni nyembamba, ama idadi haifiki 500, na kwa vyovyote vile unalipia kitu ambacho hukupewa.

Niliwahi kununua katoni nane kwa bei iliyonifurahisha, na nikazipima baada ya wiki mbili tu, pale ambapo karatasi zilianza kuingia mbili mbili ndani ya mashine. Kila rimu ilikuwa na kilo 2.2. Karatasi ya gramu 70 si mbaya yenyewe, na kwa fotokopi ya upande mmoja inatosha, lakini inunuliwe kwa bei yake. Ikitolewa pande mbili maandishi ya nyuma huonekana mbele, na mwanafunzi atakurudishia kazi yake ya memwari.

Angalia pia kingo. Rimu nzuri imekatwa sawasawa, na ukiipitisha kidole ubavuni haiachi vumbi jeupe. Vumbi hilo la karatasi hubaki kwenye roli za kuvutia na kuzifanya ziteleze.

Ukurasa mmoja mweusi unanigharimu kiasi gani?

Tuchukue rimu ya dola 6. Ukiigawa kwa 500 unapata senti 1.2, lakini katika kila rimu kuna karatasi zinazoharibika, na mimi huhesabu 15. Zinabaki 485, na karatasi inafika senti 1.24, yaani faranga 31.

Tona ndiyo inayowadanganya wengi. Katriji ikiandikwa kurasa 2,000, namba hiyo imepimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu ya karatasi, kama barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe. Ukurasa wa memwari uliojaa mistari hupita kiwango hicho, na fotokopi ya kitambulisho ikitolewa na kivuli cheusi pembeni kwa sababu kifuniko kimeachwa wazi hula tona ya kurasa kadhaa. Kwa kazi zetu, katriji ya 2,000 niihesabu 1,500. Ikinunuliwa dola 15, tona ni senti 1, yaani faranga 25 kwa ukurasa.

Kisha mashine yenyewe inazeeka. Leza ya dola 250 nikiitazamia kurasa 50,000 kabla ya kubadilishwa, kila ukurasa unaila nusu senti, karibu faranga 13. Umeme na mafuta niweke faranga 6. Jumla ni faranga 75, sawa na senti 3.

Ukiuza ukurasa faranga 100, unabaki na 25. Sasa tazama kodi ya nyumba. Kodi ikiwa dola 60 kwa mwezi, hizo ni faranga 150,000, na ili uzipate kwa faranga 25 unapaswa kutoa kurasa 6,000, yaani kurasa zipatazo 230 kila siku kwa siku 26 za kazi, na hapo wewe mwenyewe bado hujala. Ndiyo maana fotokopi nyeusi peke yake hailipi kibanda kidogo. Huwaleta watu mlangoni, lakini kinacholipa ni kuchapa, rangi, spirali, plastiki na picha.

Dola ikipanda, nibadilishe bei?

Karatasi na tona tunanunua kwa dola, au kwa faranga zinazofuata dola, na mteja analipa noti ya faranga 100 ileile. Kwa dola 1 kuwa faranga 2,500, noti hiyo ni senti 4 na faida yako ni senti 1. Dola ikifika 2,900, noti ileile ni senti 3.45, na faida imeshuka hadi chini ya nusu senti bila mtu yeyote kubadilisha bei bangoni.

Kubadilisha bei ya ukurasa mmoja kila mwezi kunawaudhi wateja, na noti ndogo za kurudishia ni shida. Ninachokifanya ni kuacha bei ya ukurasa mmoja ilivyo, na kupandisha bei za kazi kubwa, ambazo huzungumzwa kila mara kwa hiyo hazimshangazi mtu. Zaidi ya hapo, kila jioni soma kaunta ya kurasa kwenye mashine, toa ya jana, kisha kwa kila ukurasa weka kando faranga 56 za karatasi na tona. Zikifika bei ya katoni, nunua katoni siku hiyohiyo. Kaunta hiyo pia hukuonyesha kama daftari la msaidizi wako linasema ukweli, na ni vyema ajue tangu siku ya kwanza kwamba unaisoma, ili asione kwamba unamvizia.

Je, nijaze tena katriji au ninunue nyingine?

Katriji nyingi ndogo hubeba ndani yake tona, silinda inayopokea picha, na ubapa wa kuifuta. Ukijaza tona unabadilisha kitu kimoja tu kati ya vitatu. Kwa kujaza mara moja au mbili kazi huwa safi, kisha silinda huanza kuchakaa na ukurasa unakuwa na kijivu hafifu nyuma ya maandishi. Mwambie fundi amwage kwanza unga uliobaki kwenye sehemu ya takataka, kwa sababu ikijaa hufurika na kumwagika ndani ya mashine. Tona ya kila aina huyeyuka kwa joto lake, kwa hiyo unga usiolingana na mashine hautashika: utautambua kwa kusugua ukurasa kwa kidole ukaona maandishi yakitoka.

Mashine inachafua kurasa. Nianze kutafuta wapi?

Anza kwa kulinganisha. Toa ukurasa kutoka kwenye kompyuta, kisha toa fotokopi. Ikiwa uchafu uko kwenye fotokopi pekee, mashine ya kuprinti ni nzima na tatizo liko kwenye kioo. Mstari mweusi ulionyooka, unaotokea tu unapopitisha karatasi kwa mlango wa juu unaozivuta zenyewe, karibu kila mara ni chembe moja ya gundi au korekta kwenye ule ukanda mwembamba wa kioo ulio pembeni ya kioo kikubwa. Watu wameshauza mashine nzima kwa ajili ya chembe hiyo. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo.

Ikiwa uchafu uko kwenye vyote viwili, chukua rula. Doa linalojirudia kwa umbali uleule, katika leza ndogo nyingi sentimita 7.5 au 9.4, ni jeraha kwenye silinda, kwa kuwa silinda huzunguka mara kadhaa katika ukurasa mmoja. Katriji mpya italiondoa.

Kuhusu kukwama, hapa kwetu kuna majira mawili. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa ni vumbi jekundu, ambalo hushika roli za kuvutia karatasi. Roli zikiteleza utasikia mashine ikijaribu mara mbili tatu bila kuvuta chochote, na kuzifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo kwa kawaida kunatosha. Funika mashine kwa kitambaa kila jioni, na usiiweke ikitazama barabara. Mvua zinapoanza, karatasi yenyewe hunyonya unyevu: hujikunja ikitoka kwenye roli ya moto, hupata makunyanzi, na wakati mwingine maandishi huwa na mabaka meupe. Weka rimu juu ya mbao badala ya sakafu ya saruji, fungua moja tu kwa wakati, na usiache karatasi nyingi kwenye trei usiku kucha.

Memwari ya mwanafunzi nipange bei vipi?

Hii ndiyo kazi kubwa inayoletwa na wengi, na ndiyo inayopoteza fedha kimyakimya. Tuseme mwanafunzi analeta kurasa 60 zilizoandikwa kwa mkono, anataka nakala 4, na kurasa 8 zina picha za rangi.

Kuchapa ukurasa mmoja wa maandishi ya mkono, pamoja na kusoma mwandiko, huchukua karibu dakika 15. Kurasa 60 ni saa 15. Kwa faranga 500 kwa ukurasa unapata 30,000, yaani faranga 2,000 kwa saa. Lakini profesa atarudisha kazi, pengine mara tatu, na kila mara kuna saa nne za kusahihisha. Saa zinakuwa 27 kwa 30,000 zilezile, na malipo yako yameshuka hadi faranga 1,100 kwa saa. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ya makubaliano kwamba masahihisho ya makosa yako mwenyewe ni bure daima, kwamba masahihisho ya profesa ni bure mara moja, na kwamba baada ya hapo yanalipiwa kwa saa.

Upande wa kuprinti, kurasa nyeusi ni 52 mara 4, yaani 208. Zinakugharimu 15,600, unauza 20,800, unabaki na 5,200. Kurasa za rangi ni 32. Nikikadiria kila moja faranga 115 na kuuza 500, unabaki na 12,320. Ukitazama hapo utadhani umefaulu. Sasa hesabu nakala za kusahihishia: ukimtolea bure kurasa 60 mara tatu, umetumia faranga 13,500, na faida yote ya kurasa nyeusi imekwisha, pamoja na sehemu kubwa ya faida ya rangi. Nakala hizo nazo zilipiwe, au zitolewe kurasa mbili kwenye karatasi moja, jambo ambalo mwanafunzi hulikubali kwa urahisi akiambiwa kwamba linamgharimu nusu.

Kurasa za rangi zitoe peke yake. Mahali pa kuandika kurasa katika dirisha la kuprinti, andika namba zake hivi, kisha urudi kutoa zilizobaki kwa leza na kuzipanga kwa mkono:

```
5,12,18-20,33,41,57
```

Mteja analeta fleshi na mafaili yake hayaonekani. Nifanye nini?

Mara nyingi kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato mahali pake. Usibofye njia hizo. Safisha fleshi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya fleshi yenyewe:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Mafaili yakirudi, hifadhi kazi kama PDF kabla ya kuiprinti kwenye kompyuta nyingine, la sivyo aina ya herufi na mpangilio wa kurasa vitabadilika. Kazi ya mteja ikishalipwa, muulize kama nakala yake ibaki kwenye kompyuta yako au ifutwe, na ufanye hivyo akiwa bado amesimama hapo.